Timu imefika au timu wamefika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitenzi na majina ya makundi, na kuhusu "huyu au yule"

Maswali haya yanatoka kwa makatibu wa vikundi, walimu na vijana wanaotangaza mpira kwenye redio za huku kwetu, kuanzia Mbeya na Rungwe hadi Iringa. Majibu yanahusu Kiswahili cha kuandikwa: muhtasari wa kikao, katiba ya kikundi, tangazo, habari ya michezo. Maongezi ya kijiweni yana uhuru wake, na pale yanapoachana na maandishi nimesema. Maswali yana namba ili moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Timu ina wachezaji 11 uwanjani. Kwa nini tuandike "timu imefika" na si "timu wamefika"?

Kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hakihesabu vichwa. Kinaangalia ngeli ya nomino iliyo kiima. "Timu" iko kwenye ngeli ya I-ZI, pamoja na kamati, bodi, kwaya, familia, serikali na halmashauri. Ikiwa moja, kitenzi kinaanza na *i-*: timu imefika. Zikiwa mbili au zaidi, kinaanza na *zi-*: timu zimefika. Umbo la nomino lenyewe halibadiliki, kwa hiyo kiambishi hicho ndicho kinachomwambia msomaji kama ni timu moja au kadhaa.

Hapo ndipo *wa-* inapoleta hasara. Ukiandika "timu wamefika uwanja wa Sokoine", msomaji hajui kama imefika moja au zote mbili. "Imefika" na "zimefika" zinamaliza swali hilo bila neno la ziada.

Majina mengine ya makundi yako kwenye ngeli nyingine, na kila moja linafuata ya kwake: kikundi kimesajiliwa, chama kimeitisha mkutano, baraza limeahirishwa, genge limekamatwa, ukoo umekutana, msafara umepita. Watu wamo ndani ya kila moja, lakini hakuna hata moja kati yake linalodai *wa-*.

2. Mbona "kiongozi" tunasema "amefika" wakati neno linaanza na ki-? Si ingekuwa "kimefika" kama kikundi?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, na walimu wengi wanalipita haraka. Kiswahili kina kanuni ya uhai: nomino ikitaja mtu au mnyama, upatanisho wake unahamia ngeli ya A-WA hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Ndiyo maana tunasema kiongozi amefika, waziri amehutubia, askari wamepita, kuku amepotea. Maumbo yake yanaonyesha ngeli nyingine, lakini kitenzi kinaangalia uhai.

Mpaka wa kanuni hiyo ni mmoja mmoja. Kiongozi ni mtu: unaweza kumsalimia na kumpa kiti. Kikundi si mtu. Ni chombo ambacho watu wamo ndani yake, na chombo hicho kinaendelea kuwepo hata wanachama wote wa mwanzo wakiondoka. Kwa hiyo uhai wa wanachama hauhamii kwenye kikundi chenyewe. Ukitaka kipimo cha haraka, jiulize: je, ninaweza kusema "mmoja, wawili, watatu" kwa nomino hii? Viongozi watatu, ndiyo. Lakini vikundi ni vitatu, na kamati ni tatu. Jibu likiwa "watatu", tumia *a-* na *wa-*. Likiwa "vitatu", "tatu" au "matatu", baki na ngeli ya nomino.

3. Sentensi ikiwa na nomino mbili, kama "kikundi cha wakulima", kitenzi kinamfuata nani?

Kinafuata ya kwanza, ile inayomiliki kiunganishi cha *-a*. Kiunganishi chenyewe kinakupa jibu: kikundi cha wakulima kimepokea mbolea, baraza la wazee limetoa uamuzi, vikundi vya akina mama vimesajiliwa, kamati ya watu watano imeundwa. Angalia huo wa mwisho: "watano" inapatana na "watu" kwa sababu iko pembeni yao, lakini kitenzi kinaruka juu ya watu na kurudi kwa kamati.

Mtego uko kwenye "wa". Umoja wa wafugaji, msafara wa wafanyabiashara, umati wa wananchi, uongozi wa kijiji. Sikio linasikia "wa", mkono unaandika "wamefanya". Lakini "wa" hiyo ni ya ngeli ya *u-*: umoja wa wafugaji umefungua akaunti, msafara wa wafanyabiashara umekwama Igawa. Katika mihtasari ninayosahihisha, majina yanayoanza na "Umoja wa" ndiyo yanayokosewa kuliko yote.

Kuna maneno machache ambayo kipimo hiki hakifanyi kazi kwake, hasa "baadhi ya" na "nusu ya". Hayo yako swali la 11.

4. Kwa hiyo "wa-" ni kosa kila mahali penye kundi?

Hapana. Ni sahihi kabisa pale unapowataja watu. Wajumbe wa kamati wamegawana kazi. Wachezaji wa timu wamevaa jezi za bluu. Wanakwaya wameketi. Kama unachokisema kinafanywa na mtu mmoja mmoja, kama kuketi, kusinzia, kuvaa, kugombana au kwenda nyumbani, tafuta jina la watu walio ndani ya kundi, na kitenzi kitajipanga chenyewe.

"Kamati imesinzia" inachekesha, na "kamati wamesinzia" ni kosa. "Wajumbe wamesinzia" ni sawa, ingawa katibu mwenye busara haandiki hivyo kwenye muhtasari.

## Mpira na vilabu

5. Watangazaji wanasema "Mbeya City wamesawazisha" na magazeti yanaandika "Mbeya City imesawazisha". Nani yuko sahihi?

Hapa nitakuwa mpole kuliko kwingine. Jina la klabu halina ngeli iliyo wazi. Mtangazaji anayesema "wamesawazisha" anawaona wachezaji mbele yake wakikimbia. Jina la klabu kwake ni kifupi cha "vijana wa Mbeya City". Mwandishi anayeandika "imesawazisha" ameliacha neno "timu" au "klabu" kichwani: (timu ya) Mbeya City imesawazisha. Njia zote mbili zimeota mizizi na sioni sababu ya kugombana na mtangazaji dakika ya 89.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ukiandika neno "timu" au "klabu" wazi, uhuru huo umekwisha: timu ya Mbeya City imesawazisha, klabu ya Simba imesajili kipa. La pili, chagua njia moja na ukae nayo. Habari inayoanza na "Yanga imeingia uwanjani" na aya hiyohiyo ikamaliza na "Yanga wakapata kona" inamyumbisha msomaji.

Na kuna majina yanayohitaji uangalifu wake. "Simba amefungwa" ni mnyama aliyefungiwa mahali. Klabu ni "Simba imefungwa". Timu yetu ya Tanzania Prisons nayo ina bahati mbaya ya jina: andika "Prisons wamefungwa" na aliyepitwa na mechi ataanza kuulizia kosa lao. "Prisons imefungwa mabao mawili" inaleta mpira moja kwa moja.

6. "Timu imevaa jezi zake" au "jezi zao"?

Kama kiima ni timu moja, andika "zake". Kitenzi kimeshasema ni kitu kimoja (*i-*), na kimilikishi kinapaswa kukubaliana nacho: kamati imewasilisha taarifa yake, halmashauri imepitisha bajeti yake. "Zao" inakuja kiima kikiwa cha wingi: timu zote mbili zimebadilisha jezi zao, wachezaji wamevaa jezi zao.

Kosa la kawaida ni kuanza na *i-* na kumalizia na "-ao" ndani ya sentensi moja: "Kamati imewasilisha taarifa yao." Ukilisoma kwa haraka linapita. Ukiuliza "ya nani?", unaanza kutafuta watu ambao sentensi haijawataja. Mfano wa hasara ya kweli uko swali la 12.

7. Kitenzi kikiwa na mtendwa: "aliipongeza timu" au "aliwapongeza timu"?

Aliipongeza timu. Alikipongeza kikundi. Alilipongeza baraza. Ukitaka "aliwapongeza", malizia na watu: aliwapongeza wachezaji.

## Serikali, mashirika na heshima

8. Kijijini tunasema "Serikali wameleta mbolea ya ruzuku". Kuna ubaya gani?

Kwenye maongezi hakuna. Anayesema hivyo anamfikiria bwana shamba, mtendaji na dereva wa lori, watu anaowajua kwa sura. Kwenye maandishi, Serikali ni chombo kimoja: Serikali imeleta mbolea. Vivyo hivyo serikali ya kijiji imeitisha mkutano, Wizara ya Kilimo imetoa mwongozo, Bunge limepitisha muswada, Jiji la Mbeya limetenga eneo la soko, Manispaa ya Iringa imetangaza zabuni.

Serikali zikiwa zaidi ya moja, *zi-* inafanya kazi yake: Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zimekubaliana. Hapo huhitaji hata kuongeza "zote mbili".

Nomino za makundi zikiwa za ngeli tofauti, mfano chama na halmashauri, kanuni ya vitu vilivyochanganyika inatupa *vi-*: chama na halmashauri vimekubaliana. Ni sahihi, ingawa wengi wanaiona ngumu mdomoni. Njia nyepesi ni kuacha mmoja tu awe kiima na mwingine aje baada ya kitenzi: halmashauri imekubaliana na chama. Na kama upande mmoja ni watu, uhai unashinda: Serikali na wakulima wamekubaliana, timu na kocha wake wamewasili.

9. Vifupisho je? "BAKITA limesema" au "BAKITA imesema"?

Jina likiandikwa kwa kirefu, fuata nomino yake ya kwanza: Baraza la Kiswahili la Taifa limesema, Chama Cha Mapinduzi kimetangaza. Kifupisho kikisimama peke yake, mazoea yaliyoenea ni kukiingiza kwenye I-ZI: BAKITA imesema, CCM imetangaza, TARURA imechonga barabara, AMCOS yetu imelipa. Wapo wanaopendelea kufuata kirefu hata kwenye kifupisho ("BAKITA limesema"), na hilo pia linatetewa vizuri. Mimi natumia *i-*, kwa sababu msomaji halazimiki kukumbuka kirefu cha kila kifupisho ili aelewe sentensi. Polisi wana kamchezo kao: polisi wamefika, wakiwa watu, Jeshi la Polisi limetoa taarifa, likiwa chombo.

10. Mwalimu, huku kwetu tunasema "Baba wamefika" kwa heshima, na ni mtu mmoja. Basi "Mwenyekiti wamefika" nayo ni heshima, si kosa?

Ni heshima, na inatoka mbali. Katika Kinyakyusa kijana hamwambii mzee "ugonile" kama anavyomwambia rika lake. Anamwambia "mugonile", kwa kiambishi cha wingi. Mtu aliyelelewa hivyo akihamia Kiswahili anabeba adabu yake pamoja naye, na *wa-* ya "Baba wamefika" ni adabu hiyo.

Tatizo ni kwamba Kiswahili cha maandishi hakiisomi *wa-* kama heshima. Kinaisoma kama wingi. Muhtasari ukisema "Mwenyekiti walifungua kikao", afisa maendeleo ya jamii anayeusoma ofisini atauliza kikundi kina wenyeviti wangapi. Heshima ya Kiswahili inawekwa kwenye cheo na jina: Mheshimiwa Mwenyekiti alifungua kikao, Mzee alisema. Ukiwa mbele ya mzee mwenyewe, endelea na *wa-* yako. Hakuna sarufi inayokudai uache adabu.

## Kwenye muhtasari

11. "Baadhi ya wajumbe ilipendekeza" au "walipendekeza"?

Walipendekeza. "Baadhi" haina nguvu ya kutawala kitenzi. Inaazima kutoka kwa nomino inayofuata: baadhi ya wajumbe waliondoka, baadhi ya magunia yameoza, baadhi ya vikundi vimesajiliwa. "Nusu ya", "robo ya" na "theluthi mbili ya" zikifuatwa na watu zinakwenda njia hiyohiyo: theluthi mbili ya wajumbe wakihudhuria, akidi imetimia.

"Idadi" ni tofauti na inahitaji kutazamwa. Ukizungumzia namba yenyewe, idadi inatawala: idadi ya wanachama imepungua. Wanachama hawajapungua mwili. Namba ndiyo imeshuka. Ukizungumzia kitendo cha watu, kama kufika au kulipa, utasikia "idadi kubwa ya wanachama wamelipa", na wengi wanaikubali. Mimi naandika "wanachama wengi wamelipa", maneno matatu, na ubishi umeisha.

12. Unaweza kutuonyesha muhtasari mmoja ukisahihishwa?

Huu ni wa mfano, wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huku Uporoto, lakini makosa yake ni yale ninayokutana nayo kila mara:

> Kamati ya mbegu walikutana ofisini. Walijadili uchache wa mbegu. Kikundi wamekubali kununua magunia ishirini. Baadhi ya wajumbe ilipendekeza mbegu zifuatwe Uyole. Mwenyekiti au katibu watakwenda Uyole wiki ijayo. Umoja wa akina mama wameahidi kuchangia nauli yao.

Tuanze juu. "Kamati ya mbegu walikutana" inakuwa "ilikutana" (swali la 3). Sentensi ya pili inaanza na "Walijadili" na hatujui ni nani, kwa kuwa watu hawajatajwa. Kiswahili kina njia nzuri ya kuepuka kiambishi cha pili: unganisha kwa "na ku-". *Kamati ya mbegu ilikutana ofisini na kujadili uchache wa mbegu.* Kitenzi cha pili hakihitaji tena kuchagua kati ya *i-* na *wa-*.

"Kikundi wamekubali" ina shida zaidi ya sarufi. Aliyekutana ni kamati. Je, kikundi kizima kimekubali, au ni wajumbe wa kamati waliokubali na sasa wanapeleka pendekezo kwenye mkutano mkuu? *Wa-* imeficha tofauti hiyo, na ni tofauti ya fedha. Kama ni kamati: *Wajumbe walikubaliana kupendekeza ununuzi wa magunia 20.* Kama ni kikundi, kimekubali lini, na muhtasari wa kikao hicho uko wapi?

"Baadhi ya wajumbe ilipendekeza" inakuwa "walipendekeza".

"Mwenyekiti au katibu watakwenda": anakwenda mmoja au wanakwenda wawili? Mhazini anatakiwa kujua ili atoe nauli. Kama ni mmoja: *Mwenyekiti au katibu atakwenda.* Zaidi liko swali la 13.

Mwisho ni "Umoja wa akina mama wameahidi kuchangia nauli yao". Kitenzi kinakuwa "umeahidi". Sasa "nauli yao" ni ya nani? Inaweza kuwa ya akina mama wenyewe, au ya mwenyekiti na katibu. Ukibadilisha kuwa "yake" bado haijatulia, maana umoja nao ni mmoja. Hapa kimilikishi kimeshindwa kazi, kitoe: *Umoja wa akina mama umeahidi kuchangia nauli ya atakayekwenda.*

## Huyu au yule

13. "Mwenyekiti au katibu atasaini" au "watasaini"?

"Au" inachagua. Nomino zote mbili zikiwa za umoja na za ngeli moja, kitenzi kinabaki kwenye umoja: mwenyekiti au katibu atasaini, kikundi au chama kitapewa eneo, timu ya nyumbani au timu ngeni itavaa nyeupe. "Na" ndiyo inayojumlisha: mwenyekiti na katibu watasaini.

Ukiandika "mwenyekiti au katibu watasaini", nomino zinasema mmoja na kitenzi kinasema wawili. Msomaji atachagua anachokitaka. Kama unakusudia kwamba saini ya mmoja inatosha lakini wakisaini wote si kosa, sema: *Mwenyekiti au katibu, yeyote atakayekuwepo, atasaini.*

14. Katiba yetu inasema: "Fedha zitatolewa benki iwapo mwenyekiti au katibu na mhazini watasaini." Wanachama wanabishana. Sarufi inasemaje?

Sarufi inasema kifungu hicho hakifai. Kinasomeka kwa njia mbili. Ya kwanza: mhazini lazima asaini, na mmoja kati ya mwenyekiti na katibu asaini pamoja naye. Ya pili: mwenyekiti akisaini peke yake inatosha, asipokuwepo, katibu na mhazini wasaini wote. Njia ya kwanza inadai saini mbili kila mara. Ya pili inampa mwenyekiti nguvu ya kutoa fedha peke yake.

Mtu atasema tuangalie kitenzi. Tukiangalie: "watasaini". Kwa njia ya kwanza *wa-* ni sahihi, kwa kuwa wanaosaini ni wawili. Kwa njia ya pili nayo inatetewa, kwa kuwa walio karibu na kitenzi ni "katibu na mhazini", nao ni wawili. Kwa hiyo kitenzi hapa hakimtetei yeyote. Mkato ungeweza kusaidia kidogo, lakini mkato unapotea karatasi ikinakiliwa, na hautamkwi katiba inaposomwa mkutanoni.

Dawa ni kuvunja sentensi, ili kila kitenzi kiwe na kiima kimoja. Kwa njia ya kwanza:

> Mhazini atasaini kila fomu ya kutolea fedha. Pamoja naye atasaini mwenyekiti au katibu.

Kwa njia ya pili:

> Mwenyekiti anaweza kusaini peke yake. Asipokuwepo, katibu na mhazini watasaini kwa pamoja.

Hesabu viambishi: *a-* na *a-* kwenye ya kwanza, *a-* na kisha *wa-* kwenye ya pili. Sasa *wa-* inapotokea ina maana moja tu, wawili. Ipi kati ya hizo mbili mnaitaka, hilo ni la mkutano mkuu. Na ukiniuliza mimi kama mwanakikundi, ile inayomruhusu mtu mmoja kutoa fedha nisingeipigia kura.

15. Nomino zikiwa za ngeli tofauti: "kamati au baraza itaamua" au "litaamua"?

Fuata iliyo karibu na kitenzi. Kamati au baraza litaamua. Baraza au kamati itaamua. Unaweza pia kutanguliza kitenzi, na bado kinafuata jirani yake: itaamua kamati au baraza. Usikimbilie *vi-* ya swali la 8 hapa. Hiyo ni ya kujumlisha, na msomaji ataelewa kwamba vyote viwili vitaamua.

Mtu na chombo vikikutana, ujirani unafanya kazi lakini sikio linakataa: "mwenyekiti au kamati itaamua". Gawa: *Ataamua mwenyekiti, au suala litapelekwa kwenye kamati.*

16. Mmoja ni umoja, mwingine ni wingi?

Weka wa wingi mwishoni, karibu na kitenzi: mwenyekiti au wajumbe wawili watasaini. Ukigeuza, "wajumbe wawili au mwenyekiti atasaini", kanuni ya ujirani inairuhusu, ila inasomeka kwa kukwaruza.

17. Na "wala"?

Tanguliza kitenzi kwenye umoja: hakufika mwenyekiti wala katibu. Au malizia kitenzi na wa kwanza kisha ongeza wa pili: mwenyekiti hakufika, wala katibu. Nomino zote mbili zikitangulia, utasikia "mwenyekiti wala katibu hawakufika", na hiyo siikatai, maana kukanusha wote wawili kunawagusa wote wawili. Hapo ndipo "wala" inapotofautiana na "au".

18. Ni sawa kuandika "aidha mwenyekiti au katibu atasaini"?

Andika "ama mwenyekiti ama katibu atasaini", au "mwenyekiti au katibu" bila kitangulizi. "Aidha" kwenye muhtasari ni ya kuongeza jambo: *Aidha, kamati iliagiza hesabu zikaguliwe.* Kitenzi hakibadiliki kwa vyovyote. Kinaendelea na swali la 13.

19. "Mimi au wewe" je? Nitakwenda, utakwenda au tutakwenda?

Hapa ujirani unaleta balaa. "Mimi au wewe utakwenda" inasikika kama nimeshakutuma. "Tutakwenda" inatupeleka wote. Nafsi zikitofautiana, kiima kiwe "mmoja wetu", "mmoja wenu" au "mmoja wao", na majina yafuate: *Mmoja wetu atakwenda Uyole, mimi au wewe.* Kwa barua rasmi, vyeo vinaondoa shida yote: *Katibu au mhazini atakwenda*, hata kama katibu ni wewe unayeandika.